Mwaka mmoja darasani au miwili baharini: kisa cha Salma na njia ya kwenda kwenye uzamivu

Kuhusu kisa hiki

Salma si jina lake. Chuo alichosoma, kijiji alichofanyia utafiti na nchi aliko sasa nimeviacha, kwa makubaliano naye. Tarehe na hesabu ni zilezile. Mimi nilikuwa mshauri wake wa pembeni tu: nilimfundisha somo moja shahada ya kwanza, akaendelea kunipigia simu kila alipokwama. Nakiandika kwa sababu swali lake, achukue uzamili wa kozi wa mwaka mmoja au wa tasnifu wa miaka miwili, naletewa kila mwaka kati ya Mei na Julai, na mara nyingi linaletwa likiwa limeulizwa vibaya.

Usuli

Salma alimaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya bahari mwaka 2018, kwa GPA ya 3.9 kati ya 5, yaani daraja la pili la juu. Si alama ya kung'aa, wala si ya kumfungia mlango. Baada ya hapo akaajiriwa na shirika dogo la mazingira Unguja. Kazi yake ilikuwa kuandaa mikutano ya wakulima wa mwani, kuandika ripoti za wafadhili na, kwa maneno yake, "kuhesabu sahani za chakula cha mchana."

Kwenye mikutano hiyo ndipo alipopata swali lake. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Aina mbili ndizo zinazojulikana pwani yote: spinosamu, ambayo ni sugu na bei yake ni ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri lakini dhaifu. Maji yakipata joto kotonii hudhoofika, matawi yanageuka meupe, yanalainika na kukatika. Vitabuni ugonjwa huo huitwa ais-ais. Wakulima walikuwa wakimuuliza Salma: tukihamisha kamba kwenye maji ya kina zaidi, itatusaidia au tutajichosha bure? Hakuwa na jibu. Akaamua kwamba hilo ndilo atakalolisomea mpaka uzamivu, na kwa kuwa nafasi za uzamivu zenye mshahara alizoziona zilikuwa nje, akaanza kujipanga.

Ofa mbili za Juni 2021

Ya kwanza ilikuwa ufadhili wa Chevening kwenda Uingereza kwa uzamili wa kozi wa mwaka mmoja. Aliomba mwishoni mwa 2020, akasailiwa, na Juni 2021 akapata barua ya kukubaliwa. Karo, nauli, viza na posho ya kila mwezi, vyote vimelipwa. Huu ni uzamili wa krediti 180: mihula miwili ya masomo na mitihani, kisha tasnifu ya krediti 60 ambayo kwa kawaida hufanywa kuanzia Juni na kukabidhiwa mapema Septemba.

Ya pili ilikuwa uzamili wa tasnifu wa miaka miwili katika chuo hapa nchini, ndani ya mradi uliokuwa tayari na fedha. Karo ingelipwa na mradi, gharama za mashua na vifaa vilevile, na posho ilikuwa shilingi 600,000 kwa mwezi kwa miezi 18. Angalia hiyo namba: kozi ni miezi 24, posho ni miezi 18. Tutairudia.

Nyumbani hapakuwa na mjadala. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, Ulaya imekuja yenyewe mlangoni, wewe unataka kuifungia ukavue viatu uingie matopeni?" Na mama alikuwa na hoja. Jina la chuo cha Uingereza lina uzito hapa, na ofa ya namna ile haiji mara mbili kirahisi.

Alinipigia simu usiku. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Mwalimu, ipi ina hadhi zaidi?" Nikamwambia swali hilo sitalijibu. Nikamwomba achukue karatasi, achore miezi.

Hesabu ya kalenda

Uamuzi wote umelala hapa.

Kwenye njia ya Uingereza angeanza masomo mwishoni mwa Septemba 2021. Nafasi nyingi za uzamivu zenye ufadhili nchini humo hufungwa kati ya Desemba na Januari, kwa wanaoanza vuli inayofuata. Maana yake ni kwamba, kama angetaka kuunganisha moja kwa moja, angeomba akiwa ameketi darasani wiki kumi. Tasnifu haijaanza, na alama alizonazo labda ni za insha mbili. Anayetakiwa kumwandikia barua ya mapendekezo ni mwalimu anayemwona kwenye ukumbi wa wanafunzi themanini. Mwalimu huyo akiwa mwaminifu ataandika kwamba Salma anahudhuria na anauliza maswali mazuri, basi. Kwa hiyo ombi lake lingebebwa na GPA ileile ya 3.9 na barua za waliomfundisha miaka mitatu nyuma. Uzamili wenyewe ungekuwa mstari tu kwenye wasifu, wenye neno "unaendelea".

Jambo la pili: Chevening humtaka mnufaika arudi nchini kwake akae angalau miaka miwili baada ya masomo. Salma alikuwa ameisoma kanuni hiyo na kuisaini, ila hakuwa ameiweka kwenye hesabu. Ukiiweka, mwaka mmoja unakuwa mitatu. Angemaliza Septemba 2022, angekaa nyumbani mpaka Septemba 2024, na hapo ndipo angeweza kuondoka tena.

Kwenye njia ya pili angeanza Oktoba 2021, amalize Oktoba 2023, na aanze uzamivu wakati wowote mwaka 2024. Kwenye karatasi, njia ndefu na njia fupi zilifika bandarini mwaka uleule. Kilichobaki kutofautisha ni miaka hiyo mitatu angeipitisha akifanya nini.

Hapo nilimuuliza swali ambalo naamini ndilo lililomaliza: miaka miwili ya kurudi nyumbani, una mahali pa kufanya utafiti? Kama angekuwa na nafasi ya mtafiti msaidizi inayomsubiri kwenye taasisi fulani, ningemwambia apande ndege bila kugeuka nyuma. Angepata mbinu na takwimu Uingereza, kisha miaka miwili ya kuzitumia baharini. Lakini mkataba wake na shirika ulikuwa unaisha, na walichomwahidi akirudi ni kazi ileile ya ripoti na sahani.

Saa ya swali

Kulikuwa na sababu nyingine, na hii haikutoka kwangu bali kwa msimamizi wa mradi. Swali la Salma lina saa yake. Mwani huvunwa kila baada ya wiki sita hivi. Shambani hapafikiki mpaka maji ya bamvua, yanapokupwa kiasi cha kutembea. Wakati wa maji mafu unakaa ufukweni unatazama. Bamvua huja kila baada ya wiki mbili, kwa siku chache. Juu ya hapo kuna misimu: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji yanapokuwa na joto kali, na kusi, maji yakiwa baridi zaidi na upepo ukikata kamba. Anayeuliza kuhusu joto lazima aone kaskazi. Ili aseme kwamba ni joto na si kitu kingine, aone na kusi.

Tasnifu ya mwaka mmoja inafanywa Juni hadi Agosti, yaani katikati ya kusi. Kaskazi yote ingempita akiwa anafanya mitihani. Angeweza kutumia takwimu za mtu mwingine, kama wengi wafanyavyo, na hakuna aibu ndani yake. Ila swali lake lisingejibiwa.

Julai 2021 aliandika barua ya kuukataa ufadhili. Mama hakusema naye siku nne.

Kaskazi ya kwanza

Mwanzo haukuwa mzuri. Kuandaa na kutetea pendekezo la utafiti kulichukua mpaka mwishoni mwa Novemba. Kibali cha utafiti cha Zanzibar kikachukua wiki saba, na bila kibali na barua sheha hawezi kukuruhusu kugusa ufukwe. Kamba za kwanza ziliingia majini katikati ya Januari 2022. Zaidi ya theluthi ya kaskazi ilikuwa imekwenda.

Mpango ulikuwa rahisi kuueleza. Maeneo mawili: la kina kifupi, ambapo wakulima hulima siku zote, na la kina kirefu, linalofikiwa kwa mashua. Kila eneo kamba sita, kila kamba mashada kumi ya kotonii, kila shada gramu 100 za mbegu. Baada ya siku 42 unapima tena na kutafuta kasi ya ukuaji kwa siku kwa kanuni hii:

```
kasi (%) = ((Wt / W0)^(1/t) - 1) * 100
```

W0 ni uzito wa mwanzo, Wt uzito wa mwisho, t idadi ya siku. Shada lililotoka gramu 100 hadi 500 kwa siku 42 limekua kwa asilimia 3.9 kwa siku.

Mwisho wa Februari akanitumia matokeo kwa furaha. Kina kifupi: wastani wa 3.9. Kina kirefu: 4.2. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilijitokeza kwenye kila kamba, na ilielekea kule alikotarajia. Alikuwa ameshaanza kuandika sentensi ya hitimisho.

Siku ya mavuno ya pili, mwezi Aprili, bibi mmoja mkulima aliyekuwa amepanda nao mashua alimtazama akining'iniza shada kwenye mizani huku linamwaga maji, akacheka. "Mwanangu, hapo hupimi mwani, unapima bahari."

Salma akashuka na lile shada. Lilikuwa gramu 560. Akalikung'uta, akalitundika kwenye kamba dakika tano, akalipima tena: 500. Akafanya hivyo kwa mashada kumi, na kila moja likapungua kwa kiasi kinachokaribiana. Kisha akakumbuka jambo lililomkosesha usingizi. Kwenye kina kifupi walipima ufukweni, baada ya kubeba mwani kwa tenga mwendo wa robo saa, na maji yote yalikuwa yameshachuruzika. Kwenye kina kirefu walipima ndani ya mashua, papo hapo. Weka 560 badala ya 500 kwenye kanuni hiyo hapo juu na utapata asilimia 4.2. Tofauti yote aliyoishangilia ilikuwa maji ya chumvi.

Angekuwa na data za miezi mitatu tu na tarehe ya kukabidhi Septemba, pengine angefanya mojawapo ya mawili: kutoliona kabisa, au kuliona na kuandika aya ya "mapungufu ya utafiti" ukurasa wa mwisho. Yeye aliitupa kaskazi nzima. Msimamizi hakumgombeza. Alimwambia aandike utaratibu mpya wa kupima kwenye ukurasa mmoja, autundike ndani ya mashua, na asubiri.

Kusi, kisha kaskazi ya pili

Kusi ya 2022 ilikwenda sawa. Kila shada lilikung'utwa na kutundikwa dakika tano kabla ya mizani, maeneo yote mawili, na tofauti kati ya kina kifupi na kirefu haikuonekana. Kaskazi ya Desemba 2022 hadi Machi 2023 akarudia kila kitu, safari hii akiwa na kibali mkononi tangu mwanzo. Vifaa vya kurekodi joto vilionyesha maji ya kina kifupi yakipita nyuzi 33 mchana wa maji kupwa. Na sasa tofauti ikatokea, ya kweli: kotonii ya kina kirefu ilikua vizuri zaidi, na matawi meupe yalikuwa machache. Kwenye kusi hakuna faida, kwenye kaskazi ipo. Hilo ni jibu ambalo mkulima anaweza kulifanyia kazi, kwa sababu linamwambia ahamishe lini na asijisumbue lini.

Machi hiyohiyo posho ya miezi 18 ikaisha. Tasnifu haijaandikwa hata sura moja kamili. Akaanza kufundisha tuisheni ya baiolojia jioni na kuandika usiku. Alikabidhi Septemba 2023.

Maombi

Kuanzia Agosti 2023 aliomba nafasi kumi na moja. Hakulenga Uingereza peke yake. Katika nchi kadhaa za Ulaya, kama Uholanzi na zile za Skandinavia, nafasi ya uzamivu mara nyingi ni ajira: hutangazwa kama kazi, ina mshahara, na hufunguliwa mwezi wowote. Kwa aliyemaliza kazi yake Septemba hilo ni jambo la maana, maana hasubiri dirisha moja la Januari.

Sita hazikujibu au zilimkataa kwa barua fupi. Mbili zilimwambia wazi kwamba hazimchukui mpaka awe na cheti. Tatu zilimwita kwenye usaili.

Usaili uliomwingiza ulifanyika Januari 2024. Jopo la watu wanne, dakika arobaini na tano. Alijiandaa kueleza matokeo yake. Swali la pili lilikuwa: tueleze kitu ulichokikosea kwenye utafiti wako, na ulijuaje kwamba umekosea. Akawaeleza habari ya mashua, mizani na yule bibi. Wakaanza kumuuliza kama wenzake kazini: je, dakika tano zinatosha, mbona usipime uzito mkavu, upepo wa kusi hauharakishi kukauka? Alikuwa na majibu, kwa sababu maswali yote matatu alikuwa ameshajiuliza mwenyewe. Barua ya msimamizi wake, kama alivyoambiwa baadaye, ilitumia aya nzima kueleza tukio hilohilo. Mambo hayo mawili yalikutana.

Februari akapewa nafasi, aanze Mei, kwa sharti la kuwasilisha uthibitisho wa shahada ya uzamili.

Mtahini wa nje

Na uthibitisho haukuwapo. Mtahini wa ndani alirudisha ripoti Novemba 2023. Wa nje alikaa kimya: Desemba, Januari, Februari, Machi. Salma alikuwa akienda ofisini kila Jumatatu na kuambiwa barua pepe imetumwa tena. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtahini hulipwa kidogo, ana kazi zake, na hapakuwa na mtu mwenye jukumu la kumbadilisha. Ripoti ilifika Aprili 2024.

Nayo ilikuwa na jambo. Mtahini aliuliza: mashada sitini ya kila eneo umeyahesabu kama vipimo sitini, lakini yamefungwa kumi kumi kwenye kamba moja, yanapata maji yaleyale na msukosuko uleule. Vipimo vyako huru ni sita, si sitini. Alikuwa sahihi. Salma alirudia uchambuzi akichukua kamba kama kipimo, akitumia programu ya R aliyokuwa amejifundisha mwenyewe. Matokeo yalisimama, lakini kwa uhakika mdogo kuliko alivyokuwa ameandika, na sura mbili zikabadilika.

Alitetea Mei, akafanya masahihisho Juni, Seneti ikapitisha Julai. Mwajiri wa Ulaya alikubali kusogeza mwanzo hadi Septemba, na badala ya cheti akapokea barua ya chuo ya kuthibitisha kwamba masharti yote ya shahada yametimia. Barua hiyo Salma aliiomba mapema na akaifuata kwa miguu. Mahafali yalikuwa mwisho wa mwaka, asingeyasubiri.

Alianza uzamivu Septemba 2024. Miaka miwili ilikuwa imechukua miezi 33, na kati ya hiyo alilipwa 18.

Uchambuzi

Nianze na kinachoharibu hadithi nzuri. Salma alikuwa na mwenzake wa darasa moja, nitamwita Juma, aliyekwenda Uingereza mwaka uleule wa 2021 kwa uzamili wa kozi, kwa ufadhili mwingine usio na sharti la kurudi. Desemba hiyo aliomba nafasi za uzamivu na zote zikamkataa, kwa sababu zilezile nilizomchorea Salma kwenye karatasi. Lakini kiangazi alifanya tasnifu ya kukadiria wingi wa samaki kwa kutumia takwimu za miaka mingi zilizokuwa tayari kwenye kompyuta ya msimamizi. Msimamizi akamwona akifanya kazi kila siku kwa miezi mitatu. Majira yaliyofuata akaomba tena, safari hii akiwa na barua ya huyo msimamizi na alama ya juu, akaanza uzamivu Oktoba 2023. Alimtangulia Salma kwa miezi kumi na moja.

Kwa hiyo sisemi kwamba njia ya miaka miwili ilimshinda ya mmoja. Swali la Juma halikuwa na kaskazi wala kusi. Data zilikuwapo, kilichotakiwa ni hisabati, na hisabati hufundishwa vizuri darasani. Hata yeye, ukihesabu, mwaka mmoja ulikuwa miwili: wa kusoma na wa kuomba upya. Anayekwenda kwa njia hiyo apange tangu mwanzo ataishi vipi na wapi mwaka wa pili, kwa sababu viza ya masomo haimsubiri.

Kilichofanya kazi kwa Salma ni nafasi ya kurudia. Urefu peke yake usingemsaidia. Nimeona tasnifu za miaka miwili ambazo data zake zilikusanywa wiki tatu. Mpango wake ulikuwa na misimu mitatu, na ya kwanza ilipoharibika palikuwa na nyingine ya kuifidia. Mtu anayepewa ofa ya uzamili wa utafiti aulize hilo kabla ya kitu kingine: ratiba hii ina kipindi cha pili cha kukusanya data, au ukikosea mara moja umekwisha?

Kilichoshindwa ni takwimu. Kosa la mashada na kamba ni la wiki ya sita katika kozi yoyote ya mbinu za utafiti. Juma asingelifanya. Uzamili wa tasnifu wa Salma haukumlazimisha kuketi darasani, msimamizi alikuwa mtu wa viumbe na si wa namba, naye akaona aibu kuuliza. Chuo kilikuwa na somo la takwimu kwa wanafunzi wa uzamili wa kozi, majengo mawili kutoka ofisini kwake, Jumanne na Alhamisi. Angeweza kuhudhuria bila kusajiliwa. Uzamivu ulipoanza, jambo la kwanza aliloandikiwa na msimamizi mpya lilikuwa kozi mbili za takwimu.

Fedha nayo ilipangwa vibaya, na hapa lawama naichukua mimi pia. Tuliiona posho ya miezi 18 tukasema "tutaona mbele". Ilitakiwa kuulizwa kwa maandishi: nani analipa miezi sita ya kuandika? Mradi ulikuwa na bajeti ya warsha ambayo, nilijua baadaye, ingeweza kuhamishwa kama ingeombwa mwaka wa kwanza.

Na mtahini wa nje. Hili halimo mikononi mwa mwanafunzi, ila dalili zake huonekana mapema. Ukiwa bado unachagua, watafute watu watatu waliomaliza kwa msimamizi huyohuyo, uwaulize ilichukua miezi mingapi kutoka kukabidhi tasnifu hadi Seneti. Usiulize ilichukua muda gani kuiandika, hilo ni lao. Salma aliuliza mmoja tu, akajibiwa miezi minne. Wengine wawili, aliowauliza akiwa tayari amekwama, walisema tisa na kumi na moja.

Nilipompigia mwezi uliopita kumsomea kisa hiki, alinisahihisha mahali pamoja. Dakika tano za kutundika mwani, alisema, sasa amezifanya saba, kwa sababu maabara ya huko haina upepo.